Mrejesho: barua ya Kifaransa kwa mkurugenzi Dominique

Swali langu lilikuwa: "Namwandikia mkurugenzi aitwaye Dominique, sijui ni mwanamke au mwanamume. Nianzeje?"

Wapendwa, nilianza na "Madame, Monsieur," bila jina wala "Cher", kama mlivyonielekeza. Maneno hayohayo nikayarudia mwishoni: "Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées." Wengi husahau hapo, mwanzo na mwisho vikapishana.

Jibu limekuja, limesainiwa "Directrice". Basi ni mama, na barua ya pili nimeianza "Madame la Directrice,". "Madame le Directeur" nimeiacha. Hata Akademia ya Kifaransa, iliyopinga kwa miaka mingi, ilikubali vyeo vya kike mwaka 2019. Ila kama angejiita "Madame le Directeur", ningefuata alivyojiita mwenyewe. Asanteni sana.