Nywele na kucha ukiwa mjamzito: tupeane uzoefu

Mama Kijacho: Wapendwa, nina mimba ya wiki 24. Kila mtu aliniambia mimba inajaza nywele, kwangu ni kinyume. Nikichana, kitana kinajaa, na kucha zinapasuka pembeni hadi zinanasa kwenye kanga. Wenzangu ilikuwaje?

Mama Pacha: Mimi zilijaa mpaka msusi akaongeza bei. Wanangu walipofika miezi mitatu zikaanza kutoka mafungu mafungu, hasa kwenye kipaji. Nikaona kunyonyesha ndiko kunakonimaliza, nikaacha. Zikaendelea kutoka vilevile.

Nesi wa Kliniki: Pole mama, hayakuwa maziwa. Kila siku nywele 50 hadi 100 hutoka kichwani kwa mtu yeyote. Ukiwa na mimba homoni huzizuia, ndiyo maana zinaonekana nyingi. Ukishajifungua homoni zinashuka, na zile zilizochelewa hutoka kwa pamoja miezi miwili hadi minne baadaye. Kwa wengi zinarudi mtoto akikaribia mwaka. Ila mleta mada zinamtoka akiwa bado na mimba, na hilo nisingeliacha lipite. Dada, damu ulipimwa ikawa ngapi? Unakula udongo?

Baba Junior: Wangu zimemtoka pembeni tu, juu ya masikio. Mafuta ya nyonyo yanafaa?

Dada Msusi: Shemeji, anasuka nini? Kama ni rasta ndogo za kuvuta, afumue kwanza. Mafuta hayatasaidia kitu nywele zikiwa bado zinavutwa.

Mama Kijacho: Damu 9.2. Vidonge vya kliniki nameza asubuhi na chai ya rangi. Udongo ndiyo, vipande viwili vitatu kwa siku, nisipokula situlii.

Nesi wa Kliniki: 9.2 kwa mjamzito ni upungufu. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na udongo vilevile. Hata hamu yenyewe ya udongo mara nyingi huja na upungufu huo. Meza kidonge kwa maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Usijiongezee dozi, rudi kliniki bila kungoja tarehe yako. Waambie na habari ya nywele, maana tezi ya shingo nayo huzitoa.

Mama Pacha: Na kucha je? Zangu zilipasuka na damu ilikuwa 12.

Nesi wa Kliniki: Kupasuka peke yake kwa wajawazito ni kawaida, na maji ya kufulia yanazidisha. Zikate fupi, paka mafuta ukitoka kufua. Ninayoiogopa ni kucha iliyobonyea katikati kama kijiko. Dondoshea tone la maji uone kama litakaa.

Mama Kijacho: Nimejaribu sasa hivi. Vidole vingine maji yameteleza, kwenye gumba la kulia tone limekaa. Kesho asubuhi naenda.