Mteja anataka nisaini kwamba picha za akili mnemba ni "kazi halisi, mali yake peke yake". Nisaini?

Mchoraji_Kongowea:
Hamjambo wakubwa. Natengeneza matangazo Mombasa. Mteja wangu anauza viungo vya pilau. Nimemtolea picha nane kwa Midjourney, zikiwamo sinia la pilau linalofuka mvuke na mama wa makamo akipakua. Juu yake nimechora jina la bidhaa kwa mkono na kupanga pakiti nzima. Sasa amepata mnunuzi Hamburg ambaye naye atazitumia kwenye matangazo yake. Mkataba wao una kipengele cha mimi kuthibitisha kwamba picha ni kazi halisi na hakuna mwingine yeyote mwenye haki ya kuzitumia. Nusu ya malipo yangu, shilingi 18,000, inangoja sahihi. Nifanyeje?

Baraka_wa_Chapa:
Saini uchukue hela yako. Unalipia usajili, na masharti yao yanasema picha ni zako. Kwisha.

BintiSheria:
Baraka, hapo umeshika nusu. Masharti hayo ni mapatano kati yake na kampuni: yanamaanisha kampuni haitamdai. Hayamzuii mtu wa tatu kuichukua picha. Hilo ni suala la hakimiliki, na jibu lake hubadilika mpakani.

Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki inamtambua kama mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta yule aliyefanya mipango ya kuiwezesha. Kwa hiyo ndugu yetu ana hoja. Na kazi ikiagizwa, haki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ujerumani inataka ubunifu wa binadamu mwenyewe. Marekani vilevile: mwaka 2023 ofisi yao ya hakimiliki ilikubali maneno na mpangilio wa kitabu kimoja cha katuni, ikakataa picha zake za Midjourney moja moja.

Maana yake mshindani wa Hamburg akilinakili lile sinia tupu, mnunuzi anaweza kukosa pa kumshika. Akinakili pakiti yenye mchoro wako wa jina, hapo pana mkono wa mtu. Basi hifadhi faili zenye tabaka, na rasimu za penseli pia. Uko kwenye mpango gani wa Midjourney?

Mchoraji_Kongowea:
Standard.

BintiSheria:
Basi huna Stealth, ile hali ya kuficha picha zako. Picha zako zinaonekana na watumiaji wengine, na masharti yanawaruhusu kuzichukua na kuzigeuza. Sentensi ya "hakuna mwingine yeyote" ingekuwa uongo siku ileile unayoisaini. Pendekeza hii badala yake:

"Picha zimezalishwa kwa akili mnemba kwa maelekezo ya mbunifu. Mbunifu anamhamishia mteja haki zote alizonazo katika picha hizo, pamoja na hakimiliki ya michoro na mpangilio alioufanya mwenyewe. Hahakikishi kwamba hakuna picha nyingine inayofanana."

Salma_Zenji:
Mie yalinifika ya lebo. Niliweka tangazo la hoteli Instagram, likaandikwa "AI info", mteja akafoka kwamba namuaibisha. Nilidhani kuna mtu kanishtaki!

Fundi_Pikseli:
Hakukushtaki mtu, Salma. Alama imo ndani ya faili. Iangalie hivi:

```
exiftool -XMP-iptcExt:DigitalSourceType pilau.jpg
```

Ukiona jibu linaishia na `trainedAlgorithmicMedia`, mtandao nao unaisoma. Ukituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, alama hupotea. Ukituma kama hati, hubaki. Mchoraji, mtumie mteja hati, asije akasema hakuambiwa. Ulaya nako, Kifungu cha 50 cha sheria yao ya akili mnemba kinamtaka anayetumia picha inayofanana na mtu au kitu halisi, kiasi cha kudhaniwa ya kweli, aseme imetengenezwa. Tarehe iliyowekwa ni 2 Agosti 2026.

Baraka_wa_Chapa:
Pilau tu nayo iwekewe lebo? Sinia si mtu.

Fundi_Pikseli:
Kwa sinia mnaweza kubishana. Mama anayepakua ananipa wasiwasi zaidi. Uso wake ulitoka wapi?

Mchoraji_Kongowea:
Nilipakia picha ya jirani yangu kama mfano. Hajui. Anafanana naye hasa kwenye macho na ule mkunjo wa leso.

BintiSheria:
Hiyo iondoe kabla ya kuzungumzia hakimiliki. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ile ilikuwa picha halisi. Uso uliozalishwa ukafanana na mtu, sijaona ukiamuliwa kwetu, lakini usitake kuwa wa kwanza. Mwendee jirani na karatasi ya ridhaa inayotaja pakiti na Ujerumani.

Mchoraji_Kongowea:
Nimetoka kwake sasa hivi. Amekubali pakiti za hapa, Ujerumani amesema amuulize mwanawe kwanza. Kwa Hamburg nimetuma picha saba pamoja na kile kipengele kipya. Mteja amesema ataniambia Jumatatu.