Nimefelishwa kwenye igizo la kuuza duka kwa sababu mwenzangu alitunga uongo. Haki iko wapi?

Fundi Kipimo (mleta uzi)

Wakuu, nimekuja na hasira, mnivumilie. Nasoma kozi ya jioni ya biashara hapa Dar. Wiki iliyopita mkufunzi alitupanga wawili wawili kufanya anachokiita igizo dhima. Mimi muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, mwenzangu mnunuzi. Kuna karatasi moja tuliyoisoma wote, halafu kila mtu ana yake ya siri ambayo haruhusiwi kumwonyesha mwenzie. Dakika 45, muuziane au msiuziane. Alama 40.

Nimepata 11!

Karatasi yangu ilisema hivi: anza na milioni 60, usishuke chini ya 40 kwa jumla, na kati ya hizo lazima 35 ziwe mkononi siku ya kukabidhi kwa sababu nina deni la benki. Mzigo wa dukani milioni 32. Faida kwa mujibu wa daftari, milioni moja na nusu kwa mwezi. Basi nikapiga hesabu yangu kama mtu mzima: toa mzigo 32, inabaki 28, hiyo ndiyo kilemba na mashelfu. Faida ya mwaka ni 18. Yaani namwomba mtu anilipe faida ya mwaka mmoja na nusu tu. Kuna ubaya gani hapo?

Mwenzangu kaanza na 30. Thelathini! Chini hata ya mzigo wenyewe. Nikamuuliza, unataka nikupe na duka bure? Akasema mzigo wangu haufiki 20. Nikaona huyu ananiita mwizi mbele ya darasa. Tulivutana mpaka nikashuka 48 na yeye akapanda 39, kisha akatoa kali ya mwaka: eti kuna mzee Temeke anamuuzia duka kama hilo kwa 32, kwa hiyo nisimchoshe. Nikakunja karatasi yangu. Muda ukaisha.

Tulipobadilishana karatasi wakati wa chai nikasoma yake mara tatu. HAKUNA mzee wa Temeke. Kamtunga palepale! Mkufunzi nikamlalamikia, akajibu kwamba kulikuwa na nafasi ya kukubaliana na sisi sote tumeikosa. Mwongo kapata 11, mkweli kapata 11. Nauliza, hii ni elimu au mchezo wa karata tatu?

Dogo Mchakarikaji

Pole mkuu. Ila mimi naona uko sahihi kwenye mzigo. Mzigo unahesabiwa kwa bei ya kuuzia, maana hiyo ndiyo hela itakayoingia kwa mnunuzi. Akiuza kila kitu anapata 32, kwa nini alipe 20?

Bi Daftari

Dogo, umepatia nusu. Ni kweli 32 itaingia, lakini itaingia baada ya nani kusimama dukani miezi mingapi, kulipa kodi ya fremu, kubeba, kukopesha na kudai? Hiyo faida ya kuuza ni ujira wa atakayeuza. Muuzaji akiichukua leo kwenye bei ya mzigo, halafu akadai na kilemba kwa sababu duka "lina faida", amelipwa faida ileile mara mbili.

Mleta uzi, nimefanya hesabu za maduka miaka mingi, kwa hiyo nina maswali mawili. Hiyo 32 kwenye karatasi yako iliandikwa ni kwa bei gani? Na daftari lilionyesha mshahara wa anayesimama dukani?

Fundi Kipimo

Bi Daftari, nimeitazama tena sasa hivi. Nyuma ya karatasi, mstari wa mwisho: "kwa bei ya kuuzia, nyongeza ya asilimia 25." Sikuutilia maanani. Mshahara haumo. Imeandikwa kwamba anauza mwenye duka na mkewe anashika droo ya pesa.

Bi Daftari

Basi hapo ndipo mlipopoteana. Tukokotoe taratibu.

Milioni 32 yenye nyongeza ya asilimia 25 ilinunuliwa kwa 25.6. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 2 inataka mzigo uandikwe kwa gharama yake au kwa kile utakachoingiza ukiuzwa, ukitoa gharama za kuuuza, na kati ya hizo mbili unachukua iliyo ndogo. Kwa hiyo swali la pili ni kuna mali gani imelala humo ndani. Saruji iliyoganda haina thamani ya risiti yake.

Halafu faida. Mnunuzi hana mke wa kuketi kwenye droo bure. Akiajiri msimamizi kwa 400,000 na mtu wa droo kwa 300,000, ile milioni moja na nusu inabaki 800,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 9.6, si 18.

Mnunuzi Mwenyewe

Naomba niseme, maana nimetajwa bila kutajwa. Mimi ndiye huyo "mwongo".

Karatasi yangu ilisema ndugu yangu amepita dukani akakadiria mzigo milioni 20 kwa bei ya kununulia. Mishahara pia ilitajwa, hizohizo namba za Bi Daftari. Taslimu nisizidi 38, na naweza kuongeza hadi 7 kwa awamu ndani ya mwaka. Nikishindwa, nifungue fremu mpya ng'ambo ya barabara kwa milioni 40 na nikae miezi sita bila faida.

Sasa bosi, mbona hujawaambia watu nilichokuuliza? Nilikuuliza mbele ya mashahidi: "Bidhaa zote hizi ni zako?" Ukajibu: "Ziko dukani kwangu, za nani tena?" Nawe karatasi yako, nimeisoma, inasema kuna mali kauli ya milioni 3.6 ambayo mwenye mzigo hajalipwa, na mali iliyolala ya milioni 4. Na imeandikwa kabisa: ukiulizwa moja kwa moja, usidanganye.

Fundi Kipimo

Sikudanganya. Nilijibu swali kwa swali. Na vilevile mali kauli ipo dukani kweli.

Mama Neema wa Mwenge

Nyie mnabishana mzigo, mimi niliumia kwenye fremu. Nilinunua saluni, nikalipa kilemba chote, viti, vioo, kila kitu, na dada akanikabidhi funguo kwa tabasamu. Mwezi wa pili mwenye nyumba akaja kuniuliza wewe ni nani. Mkataba ulikuwa na jina la yule dada na haukuruhusu kumpa mtu mwingine. Nikatoka na viti vyangu. Kwenye hilo igizo lenu mwenye nyumba alikuwepo?

Mnunuzi Mwenyewe

Hakuwepo mama. Kodi imelipwa miezi sita mbele, basi. Wala sikuuliza mkataba una jina la nani.

Mama Neema wa Mwenge

Basi mngekubaliana vizuri tu halafu ukatupwa nje. Kilemba unalipia mahali. Mahali pakiondoka umenunua mashelfu.

Keshi Mkononi

Wakuu, duka liko Mbagala ipi, Rangi Tatu au Zakhem? Nina 35 taslimu, dalali asihusike. Mwenye duka anicheki.

Bi Daftari

Keshi, duka halipo, ni zoezi la darasani.

Tumalizie mzigo. Kutoka 25.6 toa mali kauli 3.6. Hiyo si ya muuzaji. Ama airudishe, ama mnunuzi aichukue pamoja na deni lake, lakini haiwezi kulipiwa kwa muuzaji kana kwamba ni yake. Toa iliyolala 4, inabaki 18 safi. Ile iliyolala mkiipa milioni moja kwa huruma, mzigo ni 19. Ndugu wa mnunuzi aliyepita kwa macho tu na kusema 20 hakuwa mbali.

Sasa itazame ile 60 kwa macho ya mnunuzi. Ukitoa mzigo wa 19, anaona anaombwa 41 kwa ajili ya kilemba na mashelfu, kwa duka linalomwachia 9.6 kwa mwaka. Ni zaidi ya miaka minne. Mleta uzi ulidhani unaomba mwaka na nusu. Wote wawili mlikuwa wakweli kwa karatasi zenu, ila neno "mzigo" lilibeba vitu viwili tofauti.

Kwa kawaida watu hutenganisha. Bei ya duka lenyewe mnapatana leo. Bei ya mzigo hamuipatani kabisa. Mnapatana namna ya kuuhesabu. Siku ya kukabidhi mnafunga duka, mnahesabu pamoja kitu kwa kitu kwa risiti za kununulia, vilivyolala vinatengwa pembeni. Mngekubaliana kwa mfano 22 kwa kilemba na mashelfu, miaka miwili na ushee ya faida halisi, ukijumlisha 19 ni 41. Taslimu 36, halafu 500,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Muuzaji amelipa benki na amevuka 40 yake. Mnunuzi hajagusa 38 wala 45.

Fundi Kipimo

Awamu hatukuzitaja hata mara moja. Nilikuwa nimeshikilia jumla tu.

Lakini bado, mzee wa Temeke! Kama asingetungwa nisingekunja karatasi.

Profesa wa Kijiweni

Mtindo huu wa karatasi za siri na alama si wa jana. Howard Raiffa, mtaalamu wa majadiliano, alifundisha hivyo Harvard. Kuficha kikomo chako ni ruhusa, ndiyo maana ya siri. Kutunga mnunuzi au muuzaji wa tatu ni jambo jingine, kwa sababu kunaharibu hata hesabu za mkufunzi. Ningemkata alama.

Bi Daftari

Hapo sikubaliani sana. Kariakoo nzima kuna mzee wa Temeke. Dawa yake ni kumwambia mtu, sawa, nenda kwake, mimi nipo mpaka Jumamosi. Uongo wa mali kauli ndio unaoishia mahakamani, kwa sababu mwenye mzigo atakuja kudai.

Profesa wa Kijiweni

Kwa hiyo jibu la "za nani tena" ni uongo au si uongo?

Bi Daftari

Kwangu ni uongo.

Dogo Mchakarikaji

Kwangu ni ujanja. Angeuliza vizuri.

Mnunuzi Mwenyewe

Niulize vizuri vipi? "Hizi mali zina mwenyewe mwingine anayezidai?" Sawa, labda ningeuliza hivyo. Wa Temeke nakiri nilimtunga, muda ulikuwa umebaki dakika nne na nilipaniki. Ila alama zangu sigawani na mtu.

Fundi Kipimo

Nimemwandikia mkufunzi kuomba turudie. Kajibu Alhamisi, kwa sharti tubadilishane upande. Sasa mimi ndiye mnunuzi, na kila kitu kwenye karatasi zote mbili nakijua. Hiyo nayo sijui atatupimaje.

Keshi Mkononi

Mkuu 35 ipo. Hata kama ni la Chanika nitakuja.