Nikiongeza mafundi wa paa chati inasema mradi unachelewa zaidi, nimekosea wapi?

mjenzi_mdogo
Wakuu habari za kazi. Mimi ni msaidizi wa fomeni, tuna nyumba 10 zinazofanana kila kitu, bosi kaniambia niachane na ile ratiba ya pau nichore ya mistari ya mizani, ile nyumba zinapanda juu na siku zinaenda kulia, kila gengi lina mstari wake wa mshazari. Magengi ni 4: msingi siku 4 kwa nyumba, kuta siku 6, paa siku 3, lipu siku 5. Kila fani ina gengi moja, likishaanza nyumba ya 1 haliruhusiwi kusimama mpaka nyumba ya 10, na kati ya gengi na gengi naacha siku 2. Nimepata hivi, herufi inakaa siku kazi inapoisha, na kila hatua kwenda kulia ni siku 2:

```
10 |...................M............K..P...........L
 9 |.................M...........K...P...........L
 8 |...............M..........K.....P.........L
 7 |.............M.........K......P.........L
 6 |...........M........K........P.......L
 5 |.........M.......K.........P.......L
 4 |.......M......K...........P.....L
 3 |.....M.....K............P.....L
 2 |...M....K..............P...L
 1 |.M...K...............P...L
            20        40        60        80      96
```

M msingi, K kuta, P paa, L lipu. Jumla siku 96. Bosi akasema ni nyingi, ongeza mafundi wa paa wamalize nyumba kwa siku 2 badala ya 3. Nikachora upya nikapata 104!! Nimerudia mara tatu, mpaka usiku wa manane, jibu ni lilelile. Kesho asubuhi lazima nimpelekee, nisaidieni jamani.

nondo16
Hapo umekosea hesabu tu mkuu. Kazi ikiharakishwa haiwezi kuchelewa, kagua eksel yako.

dada_wa_ratiba
Hajakosea, 104 ni sahihi kabisa. Mdogo wangu, angalia mistari yako miwili, K na P. Mstari wa kuta umelala kwa sababu wanatoa nyumba moja kila siku 6, wa paa umesimama. Gengi la haraka likiwa nyuma ya gengi la polepole litamfikia tu, kwa hiyo huwezi kulianzishia nyumba ya 1, lazima ulifunge juu kwenye nyumba ya 10 halafu urudi nyuma. Kuta za nyumba ya 10 zinaisha siku ya 66, weka 2 zako unafika 68, toa nyumba 9 mara siku 3 ambazo ni 27, unapata 41. Ndo maana watu wa paa wanaanza asubuhi ya siku ya 42 wakati kuta za nyumba ya 1 zilishaisha siku ya 12.

Sasa wafanye wa siku 2. Nyumba ya 10 bado inawafunga pale pale 68, ila kurudi nyuma ni 18 tu, wanaanza baada ya siku ya 50. Huko juu umeokoa siku moja, huku chini nyumba ya 1 inapata paa siku ya 52 badala ya 44. Na lipu, ambao ni wa polepole kuliko paa, wao wanafungwa CHINI, hawawezi kuanza mpaka nyumba ya 1 iwe na paa. 52 na 2 ni 54, jumlisha nyumba 10 mara siku 5, 104. Yaani umemharakisha mtu ambaye alikuwa tayari anamsubiri mwenzake.

mjenzi_mdogo
Duh. Kwa hiyo nikiwapunguza spidi??

dada_wa_ratiba
Ndiyo, jaribu. Punguza gengi la paa nusu, tuseme sasa wanatumia siku 6 kwa nyumba. Mistari ya K na P inakuwa sambamba, paa wanaanza baada ya siku ya 14 na nyumba ya 10 inapata paa siku ya 74. Lipu sasa ndo wenye haraka, kwa hiyo wafunge juu: 76 na 5 ni 81. Umepunguza watu na umeokoa siku 15.

mabomba_tu
Sisi kwenye kulaza mabomba tuliwahi kuumia hivihivi, wachimbaji walikuwa polepole na walazaji wakawafikia katikati, watu kumi wamekaa ukingoni mwa mtaro wanaangalia koleo linavyopanda na kushuka. Ila kwetu hakuna nyumba, ni mita, sijui kama chati hii inafaa. Halafu mkuu hizo siku 4 za msingi, zege mnalipa muda gani likauke?

dada_wa_ratiba
Inafaa, weka mita mahali pa nyumba.

nondo16
Sawa nimeelewa, nafuta kauli. Lakini basi si rahisi tu, paa waanze mapema kwa spidi yao ya siku 3, nyumba ikiwa tayari wanaezeka, haipo wanasubiri. Hata lipu wataanza mapema.

dada_wa_ratiba
Inawezekana na inatoa siku 78, ila fanya hesabu ya kusubiri. Kila nyumba wanaezeka siku 3 wanakaa siku 3, mpaka nyumba ya 10 wamekaa siku 27 bila kazi. Nani analipa? Na kwa uzoefu wangu gengi likikaa hivyo halikai, linaondoka saiti nyingine na kulirudisha ni kazi.

mzee_kenchi
Naongea kama mtu wa paa. Hiyo ya kupunguza watu nusu kwenye karatasi inapendeza ila kenchi hainyanyuliwi na watu wawili. Kuna idadi ambayo ukishuka chini yake siku haziongezeki mara mbili, kazi inasimama kabisa. Tupe gengi zima lakini tuite mara mbili, nyumba 1 mpaka 5 tuondoke, halafu 6 mpaka 10.

dada_wa_ratiba
Mzee umenena, hilo sikuliweka. Nimepiga hesabu ya raundi mbili: raundi ya kwanza inafungwa na nyumba ya 5, wanafanya kazi kati ya siku ya 27 na 41. Ya pili inafungwa na nyumba ya 10 kama mwanzo, wanaanza siku ya 57. Lipu wakianza baada ya siku ya 36 hawasimami popote, wanamaliza 86. Ila mdogo wangu, anayekuchelewesha kweli ni kuta. Ukiweka magengi mawili ya kuta, kila moja na nyumba yake, nyumba inatoka kila siku 3 na mradi wote unaisha siku ya 78, bila kumgusa mtu wa paa.

mzee_kenchi
Na mistari hiyo usiiamini sana kunyooka. Nyumba ya 1 na ya 2 siku zote zinachukua muda zaidi, watu bado wanazoea. Kila Jumamosi weka nukta ya nyumba iliyoisha kweli juu ya chati, ukiona nukta za K zinalala kuliko mstari piga simu mapema kwa watu wa paa, hizo siku 2 zako zinaliwa haraka.

mjenzi_mdogo
Asanteni sana, sasa naona. Mafundi wa kuta hawapatikani kwa sasa, hivyo kesho nampelekea bosi ile ya raundi mbili ya 86. Swali lililobaki ni moja, zile siku 15 kati ya raundi, mzee, gengi lako lingekubali kurudi bila kulipwa kitu chochote cha kuwashikilia?

mzee_kenchi
Langu lingerudi. Lingine siwezi kulisemea.