Mada: Kujifungua kumeangukia katikati ya mitihani, ofisi yasema mimba si ugonjwa

Kutoka: Neema

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Natarajia kujifungua tarehe 18 Mei. Mitihani yangu mitatu ni tarehe 13, 20 na 27 Mei. Nimepeleka barua ya kliniki ofisi ya mitihani, wamenirudishia wakisema mimba si ugonjwa na barua haionyeshi kwa nini siwezi kufanya. Nataka nifanye ule wa tarehe 13, hii miwili niisogeze. Inaruhusiwa? Viza yangu inaisha Oktoba.

Kutoka: Juma

Hongera dada. Usijisumbue, simamisha mwaka upumzike, mwakani urudi na nguvu. Shemeji yenu alifanya hivyo na hakuna aliyemuuliza.

Kutoka: Bi Rehema

Juma, tafadhali. Shemeji alikuwa na viza ya mwenza, haikutegemea masomo. Mwenye viza ya mwanafunzi akisimamisha masomo, kwa kawaida chuo kinawaarifu uhamiaji, na viza inaweza kukatwa kabla mtoto hajazaliwa. Ufadhili nao unaweza kusimama. Kuahirisha mitihani ni kitu kingine: jina lako linabaki kwenye orodha ya wanafunzi, mtihani tu ndio unaohamia kipindi kingine. Neema, soma fomu yenyewe kabla ya kusaini. Vyuo vingi vina fomu moja yenye visanduku viwili, cha kusimamisha masomo na cha kuahirisha mitihani, na karani akiona neno mimba hukuelekeza kwenye cha kwanza.

Barua yako imekataliwa kwa sababu imesema tu una mimba. Mwombe mkunga aandike umri wa mimba kwa wiki, tarehe ya matarajio, na sentensi moja inayotaja *kuanzia lini hadi lini* hutarajiwi kuweza kukaa kwenye mtihani. Sentensi hiyo ndiyo ofisi wanaitafuta. Usiombe kwa tarehe 18 peke yake, maana takriban mtoto 1 kati ya 20 ndiye anayezaliwa siku iliyotajwa. Hesabu hivi: wiki ya 37 ni tarehe 27 Aprili, wiki ya 42 ni tarehe 1 Juni. Ongeza wiki 6 za kupona, unafika 13 Julai. Kwa hiyo ukipewa "wiki ya pili ya Juni", kataa kwa upole. Omba kipindi cha Agosti.

Kutoka: Mwalimu Kassim

Bi Rehema kasema sawa, ila kasahau jambo kubwa. Agosti ndicho kipindi cha sapu. Asipodai kwa maandishi kwamba huo ni mtihani wa *mara ya kwanza*, mfumo unaweza kumweka na waliofeli, na vyuo vingi huwapa hao alama ya kufaulia tu, hata wakipata 80. Na akifeli hapo, nafasi ya kurudia inakuwa imeshaliwa.

Nyongeza: tarehe ya matarajio kwenye barua ilingane na ya ultrasaundi ya kwanza. Ikiwa kadi ina tarehe iliyohesabiwa kwa hedhi ya mwisho na barua ina ya kipimo, karani ataona tarehe mbili na kurudisha faili.

Kutoka: Bi Rehema

Sikusahau, Mwalimu, nilikuwa sijamaliza. Kuhusu mtihani wa tarehe 13: siku hiyo atakuwa na wiki 39 na siku 2. Vyuo vingi vina kanuni kwamba ukishakaa kwenye mtihani umekubali una afya ya kuufanya. Uchungu ukianza baada ya dakika 40, ile karatasi inasahihishwa au inafutwa? Hilo waandike wao kabla ya tarehe 13, si baada yake.

Kutoka: Juma

Si wampe mapema tu, Aprili?

Kutoka: Mwalimu Kassim

Itabidi itungwe karatasi nyingine, maana ile ya Mei ingevuja, na hiyo mpya nayo ipitiwe na mtahini wa nje. Idara nyingi hukataa kwa sababu hiyo. Anaweza kuuliza, lakini asiitegemee.

Kutoka: Mama Zuhura

Na nani atakuwa naye wakati wa uzazi? Hilo hakuna aliyeuliza. Mama yake aombe viza ya matembezi sasa hivi, na kwenye maombi aseme wazi anakuja kumwona mwanawe anayetarajia kujifungua. Asiandike anakuja kulea mtoto, wanaweza kuiona ni kazi. Huku ugenini arobaini unaimaliza peke yako na mlango umefungwa.

Kutoka: Neema

Asanteni sana, mama ameshaanza kujaza. Mkunga nitamwona Alhamisi. Lakini bado naomba kujua: kuna aliyewahi kuona chuo kinakubali mtihani mmoja ufanywe na miwili iahirishwe, au huahirishwa yote kwa pamoja? Karani amesema fomu haina sehemu ya kuchagua.

Kutoka: Mama Zuhura

Tiketi ya mama isiwe ya tarehe 18, iwe ya mwisho wa Aprili. Na iwe ya kubadilika.