ETI "LIPO KWENYE FAILI"!!! Lipo wapi?

Kalamu_Kavu:
Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinateleza kwenye simu. Yule mkubwa wetu, mnamjua, yule wa kukohoa mara tatu kabla ya kusaini, leo kanivua nguo mbele ya mteja.

Asubuhi natupiwa faili jepesi kama bahasha tupu. Ndani kuna kumbukumbu ya mahojiano ya kwanza, kaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, nainukuu yote: "Mteja amefika. Ajali. Ana hasira. Afuatiliwe." Maneno sita! Hakuna tarehe, hakuna saa, hakuna alikuja na nani. Tangazo la funguo zilizopotea lina maelezo kuliko hilo.

Mteja anaingia anachechemea. Namuuliza kwa adabu, "Kaka, ajali ilitokea lini?" Mkubwa anapita mlangoni, anasimama, anacheka: "Swali gani hilo? Lipo kwenye faili."

LIPO. KWENYE. FAILI. Mteja akanitazama kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Nikameza, nikaanza upya. Mteja anasema tarehe 17. Nikamwomba karatasi zake, akatoa mfuko wa plastiki, na humo fomu ya kulazwa hospitalini inasema 14. Kumbe alikaa siku 3 hajitambui, yeye anahesabu tangu alipofumbua macho! Kesi kama yake kwetu ukomo wa muda wa kuifungua mahakamani ni miaka 3 tangu kuumia, na inatimia wiki ijayo. Ningeandika 17, tungeifungua tarehe 16 huku tunajipongeza, kumbe tumezika maiti.

Halafu nikamuuliza anataka nini hasa. Anasema dereva ni shemeji yake, asiguswe kabisa, yeye anamtaka mwenye gari alipe matibabu. Na hilo nalo lipo kwenye faili??

Nyundo_Butu:
Mleta uzi umelia kurasa mbili kwa maneno sita 😂 Mwandikieni barua ya madai leo, muda unasimama, mkalale.

Mama_Masjala:
Nyundo, usiue watu. Barua ya madai haisimamishi chochote, hata mazungumzo na bima peke yake hayasimamishi. Watakujibu kwa upole "tunalishughulikia" mpaka tarehe ipite. Kinachookoa ni kesi kusajiliwa mahakamani.

Kalamu, umefanya vizuri kudai karatasi. Mimi kwenye kumbukumbu naandika tarehe mbili, aliyoisema mteja na iliyo kwenye hati, na naandika hati ni ipi. Tarehe ya mwisho naipigia mstari juu kabisa ya ukurasa, kisha naiingiza kwenye shajara yangu na ya ofisi. Na hilo la shemeji liandike kwa maneno yake mwenyewe, umsomee, asaini. Mwakani familia ikipatana au ikikosana atasema hakusema. Mweleze pia kwamba kumwacha dereva nje kunaweza kumpa mwenye gari mwanya wa kumsukumia lawama mtu asiyekuwepo, na andika kwamba ulimweleza.

Nyundo_Butu:
Sawa mama. Ila siku ya tukio haihesabiwi, kwa hiyo ana siku moja ya ziada.

Mama_Masjala:
Hapo uko sawa kwa sheria nyingi. Lakini usilaze kesi ya mtu kwenye siku moja. Kalamu, gari lilikuwa la nani?

Kalamu_Kavu:
La "ofisi fulani", ndivyo alivyosema. Sikuchimba. Nilikuwa bado nasikia lile cheko mlangoni.

Mama_Masjala:
Ofisi fulani ya NANI? Ikiwa ni ya serikali, sehemu nyingi unatakiwa kutoa notisi kwanza na kusubiri siku zake ziishe, na kwingine ukomo wenyewe ni mfupi zaidi. Mpigie sasa hivi, akusomee jina kwenye kadi ya gari au ripoti ya polisi.

Kalamu_Kavu:
Simu yake haipatikani. Na namba yenyewe niliitoa kwenye mfuko wa plastiki, maana kwenye faili, mnajua...

Samaki_Mkavu:
Samahani, huu ukomo wa muda ni ule wa bando? Langu limekata jana na lilikuwa na siku mbili.

Nyundo_Butu:
Lipo kwenye faili 😂😂

Bwana_Nakala:
Nyie mna bahati, wenu anaandika maneno sita. Wangu anaandika kurasa tisa, mwandiko kama kuku amekanyaga wino, halafu mimi ndiye nichape. Juzi nimechapa "mteja amekula nyumba". Ilikuwa "ameuza".

Samaki_Mkavu:
Ila kula nyumba inawezekana, mjomba wangu alikula ya babu.

Bwana_Nakala:
Hiyo fungua uzi wako. Sijamaliza. Huyu wangu huchukua hati halisi za wateja bila kuandika kapokea nini, zikipotea natafutwa mimi...

Kalamu_Kavu:
Jamani, simu imepatikana. Anasema gari lilikuwa na namba za serikali.

Nyundo_Butu:
Nakala, endelea, hati zilipotea wapi?