Mrejesho: Windows 11 iliyokuwa inagoma ndani ya VirtualBox

Nilikuwa nimeuliza: "Nimeshawasha TPM 2.0, mbona bado inaandika This PC can't run Windows 11?"

Ndugu zangu, huku mjini Goma Windows 11 imeshaingia. Mashine pepe ilikuwa bado inawaka kwa BIOS ya zamani, na Secure Boot haipo nje ya UEFI. Niliizima mashine pepe kabisa, nikaandika:

```
VBoxManage modifyvm "Win11" --firmware efi64 --tpm-type 2.0
```

Kumbe Windows inadai mashine iwe na uwezo wa Secure Boot tu, hata Secure Boot yenyewe ikiwa imezimwa. Halafu ikakataa diski: ilikuwa na jedwali la MBR, UEFI inataka GPT. Nikafuta sehemu zote (hazikuwa na kitu), ikasonga. VirtualBox iwe toleo la 7 kwenda juu. La 6 halina TPM.